Ruta ya 4G ya Darajani: IPv6 yake inaizima Xbox

Nyota moja, tena nimeona haya kuweka sifuri. Ruta hii mtandao ukiyumba kidogo tu ukarudi, Xbox haiingii tena kwenye akaunti na sauti za wenzako kwenye party hazisikiki. Simu zote nyumbani zinapata waifai kama kawaida. Muuzaji anajibu bila hata kuinua macho: "Yakhe, simu si inashika? Bovu hilo dude lenu la michezo."

Lo! Dude halina kosa. Ruta ikiunga upya na mnara, kampuni ya simu huipa anwani nyengine za IPv6, zile namba ambazo vifaa hujulikana nazo kwenye intaneti. Hapo ruta inapaswa kuvitangazia vifaa vya ndani kwamba zile za mwanzo zimekufa. Hii inanyamaza. Xbox inaendelea kujitambulisha kwa anwani mfu, maombi yanatoka na majibu hayajui pa kurudi. Tena usiseme utangoja zife zenyewe, maana muda wa kawaida wa anwani hizo ni siku 30. Simu inanusurika kwa kuwa kila ikitoka kwenye waifai na kurudi huchukua mpya.

Kuhakikisha ni rahisi. Kwenye Xbox ingia Settings > General > Network settings > Advanced settings, usome IPv6. Kisha fungua ukurasa wa ruta (anwani yake imebandikwa chini ya ruta, mara nyingi 192.168.8.1 au 192.168.1.1) uangalie IPv6 iliyopo sasa. Linganisha mafungu manne ya mwanzo. Ruta ikisema `2001:db8:15:b700` na Xbox `2001:db8:15:a200`, mwizi umemshika. Inayoanza na `fe80` iache, hiyo haitoki nje ya nyumba.

Dawa: zima IPv6 upande wa LAN, yaani mtandao wa ndani ya nyumba, peke yake: zima RA na DHCPv6, njia mbili za ruta kuvigawia vifaa anwani hizo. APN, ile mipangilio ya laini kuunga na kampuni ya simu, usiiguse, kwani laini nyengine hupitisha hata IPv4, anwani za mtindo wa zamani, juu ya IPv6, na ukiizima huko unakosa vyote. Washa ruta upya, halafu bonyeza kitufe cha Xbox sekunde 10 izimike kabisa. Kuilaza tu hakutoshi, itaamka na anwani ile ile.

Sasa hapa ndipo hasira inaponipungua, maana IPv6 yenyewe ikiwa nzima Xbox huipenda. Tazama IPv4 ya nje kwenye ruta: ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, mnagawana anwani moja na wateja wengine. Ukizima IPv6 hapo, Test NAT type kwenye Xbox inaweza kukutolea Strict, yaani kuunga na wenzako kunabanwa. Ikitoka hivyo, irudishe IPv6, na kama ruta yako ina sehemu ya muda wa RA, shusha uhai wa anwani hadi sekunde 1800. Yangu sehemu hiyo haina, wallahi, na bei ile!