Uzoefu wangu: akaunti ya mama ya bima ya afya ilipofungwa nami nikiwa nje ya nchi

Mama ndiye mwenye bima, nami ninaishi nchi nyingine, na kwa muda mrefu nilikuwa nikiingia katika akaunti yake kwa nywila aliyonipa. Siku moja mfumo ulitilia shaka kuingia kutoka ugenini, ukadai namba ya uthibitisho iliyotumwa kwenye laini ambayo mama alikwisha kuiacha, na baada ya majaribio kadhaa akaunti ikafungwa. Matokeo ya vipimo ambayo daktari wake mpya aliyahitaji yalikuwa humo ndani.

Nilituma nakala ya pasipoti yangu pamoja na cheti cha kuzaliwa chenye jina la mama, nikiamini kuwa undugu ungetosha. Ombi lilikataliwa. Wakati ule niliumia, lakini leo naona walikuwa sahihi, kwa sababu nilikuwa nimethibitisha mimi ni nani bila kuthibitisha kwamba mama ameniruhusu. Hayo ni mambo mawili, na kila moja lina hati zake.

Ruhusa ilitoka kwa mama mwenyewe. Alijaza fomu ya idhini iliyotaja jina langu kama lilivyo katika pasipoti, kumbukumbu ninazoruhusiwa kuziona, sababu, na tarehe ya mwisho wa idhini, kisha akaisaini na kuambatisha nakala ya kitambulisho chake. Kwa upande wangu, nakala ya pasipoti ilithibitishwa na mthibitishaji rasmi wa nyaraka huku ninakoishi, halafu ikawekewa apostili, ambayo ni cheti kinachotambuliwa na nchi zilizojiunga na Mkataba wa Hague wa 1961. Pale ambapo nchi mojawapo haimo, hati hupitishwa ubalozini. Nashauri uulize kwanza kama apostili inatakiwa, kwa kuwa si kila taasisi huidai na huchukua muda.

Hata hivyo faili lilikwama tena. Pasipoti ina jina la ukoo la mume wangu, cheti cha kuzaliwa kina la baba, na hakuna aliyenieleza hilo mpaka nilipouliza ni sehemu gani hasa isiyolingana. Cheti cha ndoa kiliziba pengo hilo. Yakafuata mazungumzo ya video, nikaonyesha pasipoti mbele ya kamera, na hatimaye nikafunguliwa akaunti ya mwakilishi yenye nywila yangu mwenyewe, huku mama akibadilishiwa namba ya simu.

Lawama yangu kubwa ni kwamba huduma kwa wateja haikunieleza tangu mwanzo kuwa akaunti ni dirisha tu: hospitali iliyopima inazo kumbukumbu zilezile, na mama angeweza kuziomba kwa maandishi katika kitengo cha kumbukumbu akiwa na kitambulisho chake, akaunti ikiwa bado imefungwa. Jambo lingine linalonitia hofu ni kwamba njia hii yote ilitegemea saini yake. Mgonjwa asiyejitambua hawezi kutoa idhini, na hapo mara nyingi huhitajika hati ya uwakilishi iliyoandikwa mapema na inayotaja mambo ya afya, au amri ya mahakama. Ya mama tumeanza kuiandaa.