Saa kumi yangu, 10:00 yao

Nimekodi magari Tanga mjini zaidi ya mara moja na sijawahi kugombana na mtu. Safari hii nilitoka ofisini kwao natetemeka kwa hasira.

Nilichukua gari Ijumaa saa kumi jioni, shilingi 80,000 kwa siku, amana 200,000. Jumapili tukirudi kutoka ufukwe wa Ushongo, kwenye kivuko cha Pangani upande wa Bweni tukakuta foleni, nikarudisha gari nimechelewa dakika arobaini. Mkataba unasamehe saa moja. Ukipita hapo unalipia kila saa, na zikizidi tatu inahesabiwa siku nzima. Kwa hiyo sikuwa na wasiwasi.

Dada wa kaunta akakata 80,000 kwenye amana. Nikamuuliza kwa nini. Akageuza karatasi bila hata kuniangalia: "Kaka, umechelewa karibu saa saba."

Nikaisoma. Muda wa kuchukua: 10:00. Mimi nilimwambia "saa kumi", naye akaandika kumi! Kwenye mfumo wao 10:00 ni saa nne asubuhi. Saa kumi jioni ilitakiwa iwe 16:00. Saa sita ambazo gari lilikuwa bado limeegeshwa uani kwao nikageuziwa deni.

"Mfumo haudanganyi," akasema. Dada yangu, mfumo unaandika ulichouandikia wewe! Na sahihi yangu ipo pale chini, hilo nalikubali, nilitia bila kusoma.

Mke wangu akanifokea ya kwake: mbona hoteli ya Ushongo haikuleta maneno? Tulifika Ijumaa magharibi, tukatoka Jumapili saa nne asubuhi. Hazifiki hata saa arobaini, wakatoza siku mbili na tukalipa bila kelele. Nikamweleza hoteli inahesabu usiku uliolala, hata ungeingia saa sita za usiku ni usiku ule ule mmoja, ila uitoe funguo saa nne. Gari linahesabu saa ishirini na nne tangu ulipokabidhiwa, kwa hiyo ile dakika ya kwanza kwenye karatasi ndiyo inayobeba bili yote.

Kilichoniokoa ni picha. Ijumaa nilipiga geji ya mafuta na kilomita kabla ya kuondoka, na simu ikaandika 16:07. Nilimwonyesha, akasema picha si mkataba. Nikaapa sirudi tena pale.

Jioni mwenye kampuni akapiga mwenyewe, akaomba radhi, akaahidi 80,000 yangu. Nikalainika, kusema kweli gari lenyewe lilikuwa zima, breki safi, na njia ya Ushongo si ya kuchezea. Labda nitarudi, ila muda nitaandika kwa mkono wangu.

Hela iliyoingia ni 65,000. Kumi na tano ni ya kuosha mchanga kwenye mazulia. Hapo sikubisha, mchanga ulikuwa wangu.