Nilivyopima usomekaji wa hati ya sauti kabla ya kurekodi: uzoefu wangu

Niliombwa kurekodi maelezo ya kuchanganya ORS, unga wa dawa anaopewa mtu anayeharisha, yachezwe kwenye chumba cha kusubiri cha zahanati moja mkoani Morogoro. Mhudumu aliyenipa kazi alitaka mtu aliyeishia darasa la nne aelewe kwa kusikia mara moja. Niliandika hati kwenye Microsoft Word, nikaenda File, Options, Proofing, nikaweka tiki kwenye `Show readability statistics`. Ukimaliza ukaguzi wa tahajia kwa F7, kinatokea kisanduku chenye wastani wa maneno kwa sentensi pamoja na alama za usomekaji.

Wastani wa maneno ulinifaa tangu siku ya kwanza. Alama ya Flesch-Kincaid, inayokadiria kiwango cha elimu anachohitaji msomaji, haifai kwa Kiswahili, na inafaa kujua kwa nini. Fomyula hiyo ilitungwa 1975 kwa ajili ya vitabu vya Kiingereza vya jeshi la majini la Marekani, na inahesabu hivi:

```
0.39 × (maneno ÷ sentensi) + 11.8 × (silabi ÷ maneno) − 15.59
```

Chukua sentensi "Mimina pakiti nzima." Ina maneno matatu na silabi nane. Nilipoihesabu kwa mkono nilipata 17, yaani kiwango cha msomi wa chuo kikuu, ilhali mtoto wa miaka mitano anaitii sentensi hiyo. Maneno ya Kiingereza cha kila siku mengi yana silabi moja. Yetu mengi huanzia mbili, na kitenzi kimoja hubeba mtendaji, wakati na mtendwa. Ukifuata alama hiyo utaanza kukwepa vitenzi vya kawaida kabisa.

Nikahamia LIX, fomyula ya usomekaji ya Msweden Carl-Hugo Björnsson, 1968. Hii haigusi silabi. Neno refu kwake ni lenye herufi zaidi ya sita:

```
(maneno ÷ sentensi) + 100 × (maneno marefu ÷ maneno)
```

Viwango vyake vilipangwa kwa Kiswidi, kwa hiyo sikuvitumia. Nilichukua vifungu vitatu vya kitabu cha darasa la nne cha mwanangu, nikavipima, navyo vikazunguka 30. Hapo nikapata mpaka wangu.

Sentensi yangu ya kwanza ilikuwa hii: "Baada ya kuhakikisha kuwa maji yamechemshwa na kupozwa ipasavyo, mlezi anapaswa kuyachanganya na pakiti moja ya ORS katika chombo chenye ujazo wa lita moja." Maneno 24, marefu sita, LIX 49. Nikaikatakata: "Chemsha maji, kisha yaache yapoe. Pima lita moja. Mimina pakiti nzima ya ORS. Koroga mpaka unga uyeyuke wote." Ikashuka hadi 16. Nilifurahi mno, nikarekodi, na niliposikiliza nikasikia amri za gwaride. Kila sentensi ilimalizika kwa sauti ya kushuka, na hatua hazikushikana. Alama ndogo kuliko zote haikunipa hati bora kuliko zote.

Nikaandika upya: "Chemsha maji, yaache yapoe, kisha pima lita moja. Mimina humo pakiti nzima ya ORS, ukoroge mpaka unga uyeyuke wote." LIX ni 25, chini ya mpaka wangu, na pumzi inatosha kila sentensi. Maneno marefu matatu yaliyobaki ni chemsha, ukoroge na uyeyuke. Sikuyagusa, kwa sababu hayamshindi mtu yeyote. "Chemsha" lenyewe linaingia kwenye marefu kwa sababu tu tunaandika ch na sh kwa herufi mbili mbili.

Kasoro iliyonigharimu kurekodi tena ilikuwa kwenye neno fupi. Katika sehemu ya pili nilikuwa nimebakiza "ujazo". Lina herufi tano, hivyo kipimo kililiona jepesi. Nilipomchezea shangazi jirani rekodi hiyo akaniuliza, "Mwanangu, ujazo ndiyo nini?" Nikaweka "chupa kubwa ya maji ya lita moja."

Tarakimu nazo hudanganya. Nilikuwa nimeandika "Mwaga kilichobaki baada ya saa 24." Kwa kipimo, 24 ni neno moja fupi, lakini mdomoni ni "ishirini na nne", na tena mama anayeuguza hahesabu saa hizo. Sasa rekodi inasema: "Kesho saa kama hizi, mwaga kilichobaki, uchanganye pakiti mpya."

Sasa naandika tarakimu zote kwa maneno kabla ya kupima. Kipimo nakitumia kunionyesha sentensi iliyorefuka kuliko wenzake, na hapo kinanisaidia sana. Maneno yenyewe nayapeleka kwa shangazi kabla sijabonyeza kitufe cha kurekodi.