Gari letu au basi? Petroli, tozo na nauli kutoka Kigamboni hadi Marangu

Desemba iliyopita tulikwenda Marangu kwa gari letu, Toyota Noah ya injini ya lita mbili, tukiwa sita: mimi na mume wangu, mama mkwe, na watoto watatu ambao mdogo wao bado anapakatwa. Miaka ya nyuma safari hii tuliifanya kwa basi, na kila mara ulizuka mjadala uleule wa nyumbani, mmoja akisema gari linakula petroli na mwingine akisema nauli za watu wengi ni hasara. Safari hii nilihifadhi risiti zote ili hesabu ijisemee yenyewe, nami ninaiandika hapa kwa ajili ya familia nyingine zenye mjadala kama wetu.

Ulaji wa petroli niliupima kwa njia ambayo fundi yeyote mzoefu atakushauri. Tulijaza tangi Kigamboni hadi pampu ilipojikata yenyewe, tukarudisha mita ya safari kwenye sifuri, kisha tulipofika tukajaza tena hadi pampu ijikate. Lita zilizoingia mara ya pili ndizo zilizotumika njiani, bila kubahatisha kwa kutazama mshale wa dashibodi, ambao katika magari mengi hukaa juu kwa muda mrefu na kisha kuporomoka ghafla. Mita ilisoma kilomita 575 na pampu ikahesabu lita 56, yaani kilomita kumi na kidogo kwa kila lita. Kwa bei ya Sh 2,800 tuliyonunulia Dar es Salaam, kwenda kulitugharimu Sh 156,800. Kurudi tulitumia lita 54, na sikushangaa sana, kwa kuwa kwenda ni kupanda kutoka usawa wa bahari hadi miteremko ya Kilimanjaro na kurudi ni kushuka. Hata hivyo lita hizo za kurudi zilikuwa ghali zaidi kidogo, Sh 2,880 kila moja, kwa sababu bei kikomo za EWURA hubeba gharama ya kusafirisha mafuta kutoka bandarini, na kadiri unavyoingia bara ndivyo bei inavyopanda.

Kuhusu tozo za barabara, watu wengi huniambia kwamba Tanzania hatulipi, kwa kuwa kutoka Kibaha hadi Himo hakuna kizuizi hata kimoja kinachomdai dereva wa gari dogo pesa ili apite. Kizuizi pekee tulichokutana nacho ni cha Daraja la Nyerere, lile la Kigamboni lililofunguliwa mwaka 2016, ambapo tozo ya gari kama letu haifikii bei ya lita moja ya petroli. Tozo kubwa, hata hivyo, tulikwisha kuilipa kituo cha mafuta. Tangu mwaka 2021 kila lita ya petroli hubeba zaidi ya Sh 400 za tozo ya mafuta kwa ajili ya barabara, na ile ada ya mwaka ya leseni ya gari iliyofutwa katika bajeti ya 2017/18 nayo ilihamishiwa humohumo kwa kuongeza ushuru wa Sh 40 kwa lita. Kwa lita 56 tulizotumia kwenda, tulikuwa tumelipia barabara zaidi ya Sh 22,000 kabla hata ya kuliona daraja.

Basi nalo hulipa tozo hiyo kwenye dizeli yake, ila huigawanya kwa abiria wengi. Hata tukisema basi linatumia lita 200 kwa safari nzima na limebeba watu 50, sehemu ya tozo inayomwangukia abiria mmoja haifikii Sh 2,000. Hapo ndipo familia ndogo inaposhindwa na basi.

Tuje kwenye nauli. LATRA hupanga kikomo kwa kilomita, na viwango vilivyotangazwa mwishoni mwa mwaka 2023, ambavyo ndivyo nilivyofanyia hesabu, ni Sh 48.47 kwa abiria kwa basi la daraja la kawaida na Sh 67.84 kwa basi la daraja la kati. Kwa kilomita 550 hivi za kutoka stendi ya Magufuli, Mbezi Luis, hadi Moshi, hiyo ni takribani Sh 26,700 kwa basi la kawaida na Sh 37,300 kwa la daraja la kati. Sisi tungekata tiketi tano, kwa sababu mdogo hupakatwa. Tiketi tano za kawaida ni Sh 133,500, na tano za daraja la kati ni Sh 186,500. Petroli yetu ya kwenda ikaangukia katikati ya hizo mbili.

Uzuri wa nauli inayopangwa kwa kilomita ni kwamba huhitaji kujua umbali wa safari yako ili kulinganisha. Chukua bei ya lita, igawanye kwa kilomita ambazo gari lako huenda kwa lita moja, na utapata gharama ya kilomita moja. Kisha igawanye kwa nauli ya kilomita, na jibu ni idadi ya abiria wenye kulipa nauli ambao gari linawahitaji ili lisizidiwe na basi. Noah yetu hutumia kama Sh 272 kwa kilomita. Ukigawanya kwa 67.84 unapata watu wanne, na ukigawanya kwa 48.47 unapata watu watano na nusu. Mwenye IST inayokwenda kilomita 15 kwa lita anahitaji watu watatu tu dhidi ya daraja la kati, au wanne dhidi ya basi la kawaida, ingawa sijui hao wanne na mizigo yao ya Krismasi watakaa vipi humo.

Lakini petroli peke yake si gharama ya gari, na hapa ndipo mume wangu huwa hapendi niendelee. Oili na chujio lake hutugharimu kama Sh 100,000 kila baada ya kilomita 5,000, na tairi nne za Sh 200,000 kila moja tunazitarajia zidumu kilomita 40,000. Kila kimoja kati ya hivyo viwili ni Sh 20 kwa kilomita, jumla Sh 40, kwa hiyo kwenda na kurudi tulichakaza mali ya Sh 46,000 ambayo haina risiti ya siku ile. Ukiiongeza, Noah inahitaji abiria karibu watano ili ilingane na daraja la kati, na zaidi ya sita ili ilingane na basi la kawaida. Kwa nauli tupu, basi la kawaida lilitushinda.

Kilichogeuza mambo ni ncha mbili za safari. Mabasi ya asubuhi huondoka Mbezi mapema mno, na kutoka Kigamboni na bibi, watoto, mabegi na gunia la mchele hakuna daladala utakayoimudu kwa saa hizo. Mwaka uliotangulia tulikodi gari la kutufikisha stendi kwa Sh 40,000. Huko mbele basi lilitushusha Himo, tukakodi gari jingine la Sh 20,000 kupanda hadi Marangu. Isitoshe, Himo iko kabla ya Moshi, hivyo nilitarajia nauli ipungue kidogo, lakini mkata tiketi alinijibu bila kuinua kichwa: "Mama, Himo ni Moshi hiyohiyo." Nilipouliza kuhusu gunia, konda alilitazama, akalisukuma kwa mguu kupima uzito, akataja bei yake papo hapo. Sikuiingiza kwenye hesabu kwa sababu bei hiyo hubadilika kwa kila konda.

Ukijumlisha kwenda na kurudi, gari lilitugharimu takribani Sh 312,000 za petroli, Sh 46,000 za uchakavu, na tozo ya daraja mara mbili, yaani kama Sh 361,000. Basi la daraja la kati pamoja na magari ya kukodi lingefika Sh 493,000. Basi la kawaida, kwa hesabu hiyohiyo, lingefika Sh 387,000. Tofauti ya gari na basi la kawaida ni ndogo, na yote imetokana na kukodi gari la kufika stendi na la kutoka stendi. Familia inayoishi Kibamba au Mbezi kwenyewe, inayokwenda Moshi mjini, haina ncha hizo. Kwao basi la kawaida lingekuwa Sh 267,000, na gari lingeshindwa kwa mbali. Tatizo la Desemba ni kwamba tiketi za basi la kawaida huisha mapema, na anayechelewa hubakiwa na daraja la kati.

Tofauti hiyo ndogo pia huyeyuka upesi. Oktoba 2023 petroli Dar es Salaam ilipita Sh 3,200 kwa lita. Bei kama hiyo ikirudi huku nauli zikibaki zilivyo, lita zetu 110 za kwenda na kurudi zingeongeza zaidi ya Sh 40,000 na basi la kawaida lingekuwa nafuu kwetu. Kupigwa tochi mara moja ni faini ya Sh 30,000, na njia hii ina vijiji vingi vya mwendo wa 50, hasa baada ya Segera, ambako lami ni nzuri na mguu husahau. Na kama hamna dereva wa kwenu anayeweza kuendesha siku nzima, posho ya dereva wa kukodi humaliza akiba yote kabla hamjafika Korogwe.

Mama mkwe hakujali hesabu hata moja kati ya hizi. Alichosifu ni kwamba tulisimama kila alipotaka kunyoosha miguu, ilhali basi humpa dakika chache za chakula na honi ya kumwita. Petroli ya kuzunguka kwa ndugu tulipokuwa Marangu sijaihesabu, kwa sababu hata tungekuja kwa basi tungekodi gari la kuzunguka, na lingekuwa ghali zaidi. Pasaka nitakwenda mimi na binti yangu mkubwa peke yetu, na nimekwisha kuulizia tiketi mbili za basi la kawaida.