Muhtasari wa mhadhara wa asali: nilichokuta baada ya kuusikiliza upya

Mimi ni katibu wa kikundi cha wafuga nyuki huku Sikonge, mkoani Tabora. Mwezi uliopita tulipata rekodi ya mhadhara wa dakika 55 kuhusu ubora wa asali, wote kwa Kiingereza. Wenzangu wengi hawakifuati vizuri, kwa hiyo nikalipia huduma ya simu inayosikiliza sauti, ikaandika maneno yote ya mhadhara kwa Kiingereza, kisha ikatoa muhtasari wa Kiswahili. Muhtasari ulikuja ndani ya dakika chache, kurasa mbili, Kiswahili kinachosomeka bila kukwama. Nikauchapisha nakala kumi na mbili, nikagawa. Hapo ndipo nilipokosea, maana sikuwa nimeukagua.

Siku ya pili kijana mmoja wa kikundi akanijia. "Katibu, kumbe asali tunatakiwa kuiivisha kwanza? Tuna sufuria kubwa pale kwa mama."

Nikafungua karatasi. Imeandikwa: "Asali iliyoiva haichachi." Mhadhiri alitumia neno lile lile ambalo Waingereza hulisemea embe lililoiva, na mashine ikalitafsiri sawasawa kabisa kwa kamusi. Lakini kwetu wali nao huiva, na huiva jikoni. Mhadhiri alikuwa anazungumzia asali iliyokomaa ndani ya mzinga, ambayo nyuki wameshaipunguza maji na kuziba sega kwa nta. Kuichemsha ndicho kitu alichotumia robo saa kukikataza. Sentensi moja isiyo na kosa la sarufi ilikuwa inatupeleka kinyume na somo zima.

Usiku ule nikakaa na kalamu ya risasi. Nikazungushia duara kila tarakimu, na kila neno linaloweka mpaka: isizidi, isipungue, kabla, baada, isipokuwa. Halafu kwa kila duara nikatafuta mahali pake katika maandishi ya Kiingereza na kusikiliza sauti yenyewe. Ilinichukua zaidi ya saa nzima, kwa sababu muhtasari hauonyeshi dakika ambayo jambo lilisemwa. Hilo ndilo lalamiko langu kubwa kwa waliotengeneza huduma hii.

Duara la kwanza lilikuwa hapa: "Asali bora ina maji asilimia 20." Mhadhiri alisema maji yasizidi asilimia 20. Kwa mtu asiyepima asali tofauti ni ndogo, lakini sisi tuna refraktomita. Unaweka tone kwenye kioo, unafunika, unaelekeza kwenye mwanga na kusoma mstari. Ndoo yetu ya mwisho ilisoma 18.4. Ukifuata karatasi, utadhani ndoo hiyo haijafika kiwango, na ile ya 20 kamili ndiyo ya kujivunia. Kumbe 20 ni ukingo. Asali ikiuvuka, hamira iliyomo huamka, povu linapanda na harufu ya pombe inafuata. Maandishi ya Kiingereza yalikuwa sahihi, kwa hiyo mashine ilisikia vizuri ila ikalitupa neno la mpaka wakati wa kufupisha. Nilipotazama chini kidogo, mpaka wa sukari ya glukosi na fruktosi, isipungue gramu 60 katika kila gramu 100, ulikuwa umeandikwa sawa. Kwa hiyo usiseme mashine hii hukosea mipaka yote, ukaigeuza kwa mkupuo. Ni lazima uangalie mmoja mmoja.

Kosa la tatu halikuwa na duara, kwa sababu halikuwepo kwenye karatasi. Muhtasari ulisema HMF isizidi miligramu 40 kwa kilo. HMF ni kitu kinachoongezeka sukari ya asali inapovunjika kwa joto au kwa kukaa ghalani muda mrefu. Kweli 40 ni kiwango cha Codex, yaani viwango vya kimataifa vya chakula, lakini mhadhiri aliongeza mara moja kwamba asali inayotajwa kuwa imetoka nchi za joto inaruhusiwa hadi 80. Sampuli yetu ilipopimwa maabara ilitoa 52. Kwa karatasi ile tungeiona imeharibika, na kwa mhadhara wenyewe imepita. Hilo nililipata kwa sababu nilisoma Kiingereza kutoka juu hadi chini. Anayekagua karatasi peke yake hawezi kuona kilichoachwa.

Huduma yenyewe nitaendelea kuilipia, hasa kwa yale maandishi kamili, ambayo yalikuwa safi kuliko nilivyotegemea. Muhtasari nautumia kujua mhadhara umegusa nini na kwa mpangilio gani. Karatasi zile kumi na mbili nilizikusanya zote, nikafuta "iliyoiva" nikaweka "iliyokomaa mzingani", na mipaka ya maji na ya HMF nikaiandika upya kwa mkono kabla ya kuzirudisha. Ya yule kijana ndiyo nilianza nayo.