Uzoefu wangu: maneno ya lenzi yanayofifisha nyuma ya mtu kwenye video za akili mnemba

Wadau habari. Natumia huduma moja ya kulipia ya kutengeneza video kwa maandishi, jina nitaliacha, kazi zangu nyingi ni matangazo madogo ya biashara za hapa Dar. Kitu wateja wanachoniomba kuliko vyote ni ile video ambayo mtu anaonekana vizuri alafu nyuma kumefifia, kama imepigwa na kamera kubwa. Inawezekana na inatoka vizuri kweli, ila inategemea sana maneno unayoandika, na zaidi inategemea kama maneno yenyewe yanaelewana au yanapigana.

Chukua kazi ya dada mmoja anayeuza magauni ya kitenge Mtaa wa Uhuru, Kariakoo. Alikuja na promti tayari, yaani yale maelezo unayouandikia mtambo, kapewa na mtu:

```
A woman in a kitenge dress on a busy Kariakoo street,
cinematic, wide shot, highly detailed, 8K
```

Video ikatoka na rangi nzuri lakini kila kitu kinaonekana, bajaji, mikokoteni, mabango yenye herufi zisizosomeka, mpaka nguo zilizotundikwa maduka ya mbali. Akaniuliza, "Kaka, hapa mtu ataangalia gauni au ataangalia bajaji?" Na ana haki, maana promti yenyewe ndo imeomba hivo. `wide shot` inavuta picha za lenzi pana ambazo kwa kawaida mbele na nyuma vyote viko kwenye fokasi, `highly detailed` inasema kila kona iwe na vitu vya kuonekana, na `busy` inajaza watu barabarani. Hapo hata ungeongeza neno la kufifisha mwishoni, linazidiwa nguvu na hayo matatu.

Kitu cha kuelewa ni kwamba mle ndani hakuna lenzi wala apecha, lile tundu la lenzi linalopitisha mwanga, ambalo huandikwa kwa namba kama `f/1.8`. Mtambo umejifunza kwa kuangalia picha na video nyingi zilizoambatana na maelezo, kwa hiyo ukiandika `85mm` haupigi hesabu yoyote, unavuta tu kuelekea zile picha ambazo watu huelezea hivo, na nyingi ni picha za uso na mabega zenye nyuma laini. Ndo maana namba peke yake ni dhaifu. Ukiandika `85mm, f/1.8` alafu ukaeleza mtaa mzima kwa sentensi nne, utapata mtaa mzima.

Lakini fizikia ya kamera halisi bado inasaidia kujua maneno gani yakae pamoja. Kwa kamera ya fremu kamili, lenzi ya milimita 85 kwenye f/1.8, mtu akiwa mita 2 kutoka kwenye kamera, sehemu inayokuwa kali ni kama sentimita 6 tu, yaani macho na sehemu ya uso. Badilisha lenzi iwe ya milimita 24, apecha ileile na umbali uleule, inakuwa karibu sentimita 75 au zaidi kidogo. Kwa hiyo anayeandika `24mm` na `shallow depth of field`, yaani sehemu kali iwe nyembamba, pamoja anaomba vitu ambavyo kwenye picha halisi havikutani mara nyingi, na mtambo unachagua kimoja, mara nyingi kile usichokitaka. Kingine ni umbali: nyuma inafifia zaidi mtu akiwa karibu na kamera na vitu vya nyuma vikiwa mbali naye. Hili la umbali watu wengi hawaliandiki kabisa, na kwangu ndo limekuwa na nguvu kuliko namba zote.

Tukaiandika upya hivi:

```
Medium close-up portrait, 85mm lens, f/1.8,
shallow depth of field. A woman in an orange kitenge
dress stands close to the camera. The market street is
far behind her, softly out of focus, only shapes and
colours. Focus stays on her eyes. Static camera.
```

Angalia mpangilio. Ukubwa wa fremu umetangulia, maana ukishasema klozapu ya kifuani, kufifia kunakuja kirahisi. Lenzi na apecha zinafuata kama kutilia mkazo. Alafu nyuma imeelezwa kwa jinsi inavyoonekana ikiwa imefifia, maumbo na rangi tu, haijaorodheshewa bajaji wala mabango, kwa sababu kila kitu unachokitaja mtambo unajitahidi kukuonyesha. Matokeo yake Kariakoo ikabaki kama madoa ya njano na bluu yanayotembea nyuma, na mshono wa shingo ya gauni ukaonekana mpaka uzi.

Neno `bokeh` nalitumia kwa uangalifu. Usiku, au kama nyuma kuna taa, linatoa yale maduara laini ya mwanga na yanapendeza sana, nililitumia kwenye video ya jioni upande wa Coco Beach likafanya kazi safi. Mchana wa jua kali linaweza kuzua maduara ya mwanga hewani ambako hakuna taa yoyote, na hapo video inaonekana ya uongo papo hapo. Mchana andika `softly out of focus`, inatosha.

Sasa jinsi ya kujua kama ufifishaji umetoka sawa. Simamisha video alafu angalia vitu viwili vya nyuma vilivyo umbali tofauti, tuseme bodaboda iliyo karibu na ghorofa la mbali. Kwa lenzi halisi ghorofa linatakiwa lififie zaidi. Vikiwa sawasawa, hiyo ni kama karatasi ya ukungu imebandikwa nyuma ya mtu. Kisha sogea kwenye nywele na hereni, pembeni pakiwa na mstari mkali au panachezacheza fremu hadi fremu, rudia. Mwisho linganisha fremu ya kwanza na ya mwisho, maana kuna klipu zinaanza nyuma imefifia vizuri alafu mtu akitembea au kamera ikizunguka, majengo yanaanza kuwa makali taratibu. Ndo maana naandika `Static camera`, na nikitaka mwendo naomba mdogo tu, kama kugeuza kichwa.

Ambapo huduma hii inanisumbua ni mwili mzima. Yule dada alitaka gauni lionekane mpaka chini, na hapo kamera lazima irudi nyuma kwa hiyo kufifia kunapungua, hata kwa kamera ya kweli iko hivo. Niliweka `full-length shot, 135mm telephoto lens` na kusisitiza mtaa uko mbali nyuma yake, ikatoka nusu nusu, nyuma laini kiasi lakini lami ya miguuni ikafifia pia, wakati lami iliyo umbali mmoja na miguu ilitakiwa iwe kali. Kilichofanya kazi ni kuanza na picha ya mnato ambayo tayari ina ufifishaji sahihi, kuipakia kama fremu ya kwanza, alafu promti ikaeleza mwendo tu bila kurudia lenzi. Klipu ikashikilia ule ukungu tangu mwanzo mpaka mwisho.

Kwa klozapu naipa nyota nne kati ya tano, kwa mwili mzima mbili na nusu. Nyota iliyopungua kwenye klozapu ni krediti: klipu yenye nywele zinazochezacheza inakukata krediti sawa na klipu nzuri, kwa hiyo mimi najaribu promti kwanza kwenye klipu fupi ya ubora mdogo, ufifishaji ukikaa sawa ndo natengeneza ya ubora mkubwa.