Lebo ipi ununue kwa losheni unayotengeneza nyumbani

Adui wa lebo ya losheni ni losheni yenyewe. Mteja hushika chupa kwa mkono wenye mafuta, kisha huiacha bafuni. Kwa hiyo nazipanga kwa swali moja: baada ya mwezi, maandishi yatasomeka?

Ya kwanza kwangu ni stika ya plastiki, yaani vinili. Hainyonyi mafuta, na chupa ikiminywa inafuata bila kukunjamana. Chukua isiyong'aa, maana kwenye inayong'aa kalamu huteleza, nawe utahitaji kuandika namba ya bechi kwa mkono. Ukishaandika, funika namba hiyo kwa kipande cha selotepu. Usichapishe nyingi mara moja. Ukibadilisha kiungo kimoja tu, zote zilizobaki zinasema uongo.

Ya pili ni stika ya karatasi iliyochapwa kwa printa ya leza, ikafunikwa selotepu pana inayovuka kingo zote. Usipovusha kingo, mafuta yataingia pembeni na karatasi itakuwa kama ya maandazi.

Stika za joto, zile zinazochapwa kama risiti, naziweka ya tatu kwa sababu hufifia kwa jua na mafuta. Karatasi ya printa ya wino wa maji ni ya mwisho: tone moja, wino unatiririka.

Kabla ya kulipa, omba stika moja. Ibandike kwenye chupa, ipake losheni yako, ilaze usiku kucha, asubuhi uisugue kwa kidole kibichi.

Sasa maandishi. Tuseme kilo moja ya losheni yako ina maji gramu 690, mafuta ya alizeti 150, siagi ya shea 70, nta ya kuunganisha maji na mafuta 50, gliserini 30 na kihifadhi 10. Viandike kwa mpangilio huohuo, kizito kwanza, kila kimoja kwa jina lake. Neno "asilia" halimsaidii mwenye mzio. Bechi ya pili ya tarehe 14 Juni 2025 naiandika 250614-B, na namba hiyohiyo inaingia daftarini pamoja na vipimo na duka nililonunua mafuta. Mwaka jana nilirudishiwa chupa mbili zenye harufu ya mafuta yaliyochacha. Zote zilikuwa bechi moja, nikajua chupa zipi nyingine niwaombe wateja wanirudishie.

Kipeperushi unachompa mteja pamoja na chupa hakihitaji plastiki. Robo ya karatasi ya A4 inatosha. Ila hupotea, kwa hiyo viungo, bechi na mwisho wa matumizi vibaki kwenye chupa. Kwenye kipeperushi weka maelezo ya kutunza: mahali pa baridi, mbali na jua, mfuniko umefungwa. Na andika kwa herufi kubwa: USITIE MAJI NDANI. Losheni ikikaribia kwisha, wengi huongeza maji na kutikisa. Kihifadhi kinazimuliwa na ukungu unapata nafasi. Malizia kwa dalili za kuitupa: harufu iliyogeuka, madoa, au maji kujitenga na mafuta.